Ofa Kumi na Mbili Zisizofanana: Mafunzo Niliyopata Tarime na Mugumu

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya duka la vyombo na matandiko lililo Tarime mjini, lenye tawi Mugumu, wilayani Serengeti. Kila Desemba, kuanzia tarehe 13 hadi 24, tunahesabu siku kuelekea Krismasi kwa kutoa ofa moja kila siku. Ugumu wa mtindo huu hauonekani siku ya kwanza. Huanza kama siku ya nne, mteja anaposoma ujumbe kwenye simu na kumwuliza muuzaji, "Kaka, hii si ileile ya jana?" Akishauliza hivyo, siku nane zilizobaki hazisomi tena.

1. Ofa hupangwa kwanza, maneno hufuata

Matangazo mengi hufanana kwa sababu ofa zenyewe zinafanana. Ukipunguza bei ya sahani Jumatatu, ya vikombe Jumanne na ya sufuria Jumatano, umetoa ofa moja mara tatu, na hakuna maneno yatakayoificha.

Kwa hiyo, kabla ya sentensi ya kwanza, nachora jedwali lenye mistari kumi na miwili. Kila mstari hujibu maswali manne: nani anaambiwa, anapata nini, kwa nini iwe leo, na inaisha saa ngapi. Kisha naulinganisha kila mstari na mwingine. Mistari miwili ikiwa na mteja yuleyule na aina ileile ya ofa, mmoja unabadilishwa hata kama bidhaa ni tofauti.

Aina za ofa ni nyingi kuliko punguzo la bei. Mwaka 2024 tulikuwa na siku ya kuleta sufuria ya alumini iliyochakaa na kukatiwa thamani yake kwenye mpya. Tulikuwa na siku ya bei ya dazeni kwa wenye vibanda wanaokwenda kuuza vijijini, siku ya kukodi masufuria makubwa ya sherehe, siku ya kulipa nusu na kuwekewa mzigo, na siku ya kufikishiwa godoro nyumbani bila nauli. Tarehe 23 ilikuwa ya mabegi na madaftari, kwa mzazi anayeiona Januari ikija. Tarehe 24 hatukupunguza chochote: tuliweka mezani vitu vya chini ya shilingi 5,000 na kuvifunga bure kwa karatasi ya zawadi, maana anayenunua mkesha wa Krismasi anatafuta kuokoa muda kuliko fedha. Punguzo la bei tupu lilitumika siku tatu tu, na hazikufuatana.

2. Faida ndiyo inayochagua aina ya ofa

Tarime iko kwenye nyanda za juu, na usiku wa mvua za vuli blanketi linatafutwa. Letu tulilinunua kwa 14,000 na kuliuza 20,000, faida ikiwa 6,000. Tukipunguza asilimia 25, bei inashuka hadi 15,000 na faida inabaki 1,000. Maana yake ni kwamba lazima tuuze mablanketi sita ili tupate kilichopatikana kwa moja. Tukiacha bei ileile na kuongeza foronya mbili ambazo kwa jumla tunazipata kwa 2,000 na dukani zinauzwa 4,000, mteja anaona nafuu ya 4,000, sisi tunatoa 2,000, na tunabaki na 4,000.

Hesabu hii inasaidia hata uandishi. "Punguzo la asilimia 25" halinipi cha kusema zaidi ya namba. "Blanketi na foronya mbili" linanipa kitanda kizima, mgeni atakayelala juu yake, na mama mwenye nyumba anayekitandika. Napenda ofa zenye kitu mkononi, kwa sababu sentensi inapata mahali pa kukaa.

3. Kalenda ya watu wa hapa inaandika nusu ya tangazo

Swali la "kwa nini leo" ndilo wengi hulijibu kwa kelele: haraka, usikose, ofa kabambe. Jibu la kweli liko kwenye maisha ya mteja.

Mwaka 2024 tarehe 13 iliangukia Ijumaa. Mkoa wa Mara una Wasabato wengi, na kwao Ijumaa ni siku ya maandalio: jua likizama hawanunui wala hawauzi mpaka Jumamosi jua lizame tena. Duka linaloanza kampeni yake Jumamosi asubuhi na bidhaa wanayoihitaji hao linawakosa wote kwa mara moja. Sisi tulianza Ijumaa, tukafunga ofa saa 11 jioni, na bidhaa ikawa chupa ya kutunza moto. Ujumbe ulikuwa huu:

"Pika uji leo Ijumaa, Sabato asubuhi uukute moto. Chupa ya lita 3 kwa 22,000 badala ya 27,000. Mwisho leo saa 11 jioni. Tarime, karibu na stendi."

Angalia kwamba hakuna neno chai, ingawa kila mtu hapa huiita chupa ya chai. Wasabato wengi hawanywi chai ya majani. Ukiandika "chai", umemwambia mteja uliyemlenga kwamba hukumfikiria. Ujumbe huo pia hauwezi kuhamishwa kwenda Jumanne, na hicho ndicho kipimo changu cha upya: ukiubadilisha tarehe na bado unafaa, haujakamilika.

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa zamu ya wenye vibanda na bei ya dazeni. Kuanzia tarehe 20 hivi, mabasi kutoka Mwanza na Dar es Salaam hushusha watu wanaorudi nyumbani, basi magodoro yalisubiri tarehe 21. Kuyatangaza tarehe 13 ni kumwambia mtu kuhusu mgeni ambaye bado hajakata tiketi.

4. Tarime si Mugumu

Kati ya miji hii miwili kuna zaidi ya kilomita 80 za barabara, na Desemba ya watu wake si moja. Tarime iko jirani na mpaka wa Sirari. Watu wanakuja, wanapita, wanarudi kwao. Mugumu inategemea kwa sehemu kubwa Hifadhi ya Serengeti. Wakati wa Krismasi hoteli na kambi za watalii zinakuwa na wageni wengi, hivyo mpishi, dereva na mhudumu wa vyumba wako kazini siku ambayo familia inakaa pamoja. Kumwandikia mtu huyo "pendezesha nyumba yako Krismasi" ni kumkumbusha kwamba hatakuwepo.

Tarehe 19 tulimwandikia yeye peke yake: "Krismasi uko zamu? Lipa leo Mugumu, blanketi lifike kwa mama Tarime kesho jioni." Tawi la Mugumu lilipokea fedha na jina la mpokeaji, likapiga simu, na duka la Tarime likatoa blanketi kutoka kwenye rafu yake. Hakuna mzigo uliosafiri. Ofa ilikuwa huduma, na gharama yake ilikuwa simu moja. Kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, kwa sababu haikuweza kutoka duka lolote lisilo na milango miwili katika wilaya hizi mbili.

5. Badilisha mlango wa kuingilia, usibadilishe sauti

Mwandishi anayechoka hurudia mwanzo wake. Nikimaliza kuandika siku zote kumi na mbili, nazipanga ukurasa mmoja na kusoma maneno matano ya kwanza ya kila ujumbe. Mmoja ukianza na swali, unaofuata uanze na bei, mwingine na kazi ya mikono ("Pika uji leo"), mwingine na mtu ("Mwenye kibanda"). Neno "ofa" haliruhusiwi kuwa la kwanza hata siku moja. Lakini saini ya mwisho, yaani mahali duka lilipo, haibadiliki, ili msomaji ajue ni sisi bila kuambiwa.

Jaribio la mwisho nalifanya na vijana wa duka. Nafuta jina la bidhaa kwenye ujumbe na kuwauliza ni kitu gani kinauzwa. Wakitaja vitu vitano tofauti, ujumbe ni maneno matupu na unaandikwa upya.

Kuna jambo la kiufundi linalokula fedha kimyakimya. Ujumbe mfupi wa kawaida wa simu una nafasi 160, na ule wa Sabato hapo juu una 144. Ukiweka kikatuni cha uso, au alama moja isiyo kwenye orodha ya herufi za kawaida, nafasi zinashuka hadi 70, na ujumbe mrefu unakatwa vipande vya 67. Katika Kiswahili mtego uko kwenye ng'ombe na ng'ambo: kompyuta hupenda kugeuza kile kikoma cha juu kilichonyooka kuwa kilichopinda, na hicho kilichopinda hakimo kwenye orodha. Herufi 144 zitatozwa kama jumbe tatu kwa kila mteja. Andika kwenye programu isiyopamba herufi, na angalia namba ya vipande kabla ya kutuma.

Hali ya WhatsApp haina shida hiyo, na kwa kuwa hufutika baada ya saa 24 inaifaa kabisa ofa ya siku moja.

6. Ofa ya jana ife

Mteja akikuta chupa ya Ijumaa ikiuzwa 22,000 Jumatatu, amejifunza kwamba saa zetu hazina maana, na hatakimbilia chochote tena. Kwa hiyo ubao wa jana unashushwa usiku uleule, bei inarudi, na muuzaji anapewa jibu la heshima kwa aliyechelewa: ofa ya leo ni ipi, na ya chupa imefungwa. Bidhaa ikiwa chache, idadi inatajwa kwenye ujumbe wenyewe. Ikiisha saa 6 mchana, tunatangaza saa 6 mchana.

Na ile "badala ya 27,000" lazima iwe bei iliyouzwa kweli wiki zilizotangulia. Kupandisha bei Novemba ili ushushe Desemba ni udanganyifu, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei. Kwenye mji mdogo adhabu ya kwanza haitoki serikalini: watu wanakumbuka bei za vyombo vyao, na wanaambiana sokoni.

Kama unafikiria kufanya hivi mwaka huu, chora jedwali Oktoba, agiza mzigo Novemba, na jumbe zote kumi na mbili ziwe zimeandikwa kabla ya tarehe 10 Desemba. Usipopata mistari kumi na miwili iliyo tofauti kweli, fanya siku saba.