Chujio Likichuja Haraka, Tujihadhari

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia machujio ya maji ya kunywa ya aina mbili: lile la ndoo mbili lenye mishumaa ya udongo wa kuchoma, na lile la mchanga. Wengi tunapenda chujio linalotoa maji haraka na kulilaumu linalotoa polepole. Lakini maji yakipungua kidogo kidogo, kwa kawaida ni uchafu tu umeziba, nao husafishwa. Yakiongezeka ghafla, huenda yamepata njia ya mkato, na vijidudu vinapita pamoja nayo.

Kwa sababu hiyo kila nyumba inafaa kujua mwendo wa chujio lake. Siku linapoanza kutumika vizuri, jaza ndoo ya juu hadi ukingoni, hakikisha ndoo ya chini ni tupu, kisha pima maji yaliyoshuka kwa saa moja. Andika hesabu hiyo ubavuni mwa ndoo. Kila unapopima tena, ndoo ya juu iwe imejaa vilevile, maana maji yakiwa machache juu hushuka polepole zaidi.

Kusafisha mshumaa

Mshumaa una vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya kutoka nje kuingia ndani, na uchafu hubaki juu ya ngozi yake ya nje. Basi kinachosafishwa ni upande wa nje tu. Upande wa ndani na mkia wake, yaani kile kibomba kinachopita kwenye tundu la ndoo, ndipo panapopita maji safi. Pasiguswe na maji machafu hata kidogo.

Kwanza nawa mikono kwa sabuni. Fungua nati, toa mshumaa, na uziba tundu la mkia kwa kidole safi. Mwagia maji yaliyochemshwa yakapoa, huku ukisugua taratibu kwa brashi laini au dodoki jipya lililotengwa kwa kazi hiyo, mpaka rangi yake nyeupe irudi. Usitumie sabuni, kwa kuwa udongo huinywa. Usiutie mshumaa katika maji ya moto: joto la ghafla hupasua udongo na kulegeza gundi inayoushika kwenye kitako chake. Ndoo ya chini na koki yake ndizo zioshwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri, kwa kitambaa kingine. Ukisharudisha kila kitu mahali pake, maji ya ndoo ya kwanza yamwagwe au yatumike kwa kufua.

Maji yakiwa na matope mengi, yaache yatulie usiku kucha kabla ya kuyatia, kisha uyachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne. Mshumaa utakaa muda mrefu bila kuziba.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano wa familia ya watu sita yenye chujio la mishumaa miwili. Lilipokuwa jipya lilitoa lita 2 kwa saa. Baada ya wiki tano likatoa nusu lita. Mama akasugua mishumaa, likarudi kwenye lita 2 kasoro kidogo. Hapo hapana tatizo.

Miezi kadhaa baadaye, jioni moja baada ya kusafisha, lita 2 zilishuka kwa dakika 20. Watoto walifurahi, lakini baba alisimamisha matumizi na kuchemsha maji ya kunywa. Kisha wakatafuta sababu kwa kufuata hatua.

Hatua ya kwanza ni nati na raba. Raba ikikauka, ikijikunja au ikisahaulika, maji hupita pembeni ya mkia bila kuchujwa. Hapo raba zilikuwa nzima na nati zimekazwa.

Hatua ya pili ni mshumaa wenyewe. Ufa mwembamba kama unywele hauonekani, lakini hewa huusaliti. Loweka mshumaa mpaka ushibe maji, vika mpira safi kwenye mkia, uzamishe wote katika maji safi, kisha puliza kwa pumzi ya kawaida. Mshumaa mzima uliolowa hauruhusu pumzi ya mdomo kupita. Ukiona mapovu yanatoka mfululizo mahali pamoja, hapo pana ufa. Yakitoka pale udongo unapokutana na kitako, gundi imeachia. Mshumaa mmoja wa familia hiyo ulitoa mapovu karibu na kitako. Ulitupwa. Mshumaa wa namna hiyo usizibwe kwa gundi wala nta, kwa sababu hutajua ufa umefika wapi.

Pia mshumaa huisha kwa kusuguliwa. Baadhi huuzwa pamoja na kipimo cha unene. Kipimo kikipita juu ya mshumaa, wakati wake umekwisha. Usipopewa kipimo, fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, hata kama hauna ufa.

Chujio la mchanga

Chujio la mchanga la nyumbani, lililobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, lina tabia nyingine. Juu ya mchanga hukua utando wa vijidudu visivyodhuru, ambavyo hula na kunasa vile vinavyoleta magonjwa. Utando huo huweza kuchukua siku 30 hivi kukomaa. Ili uishi, maji yakisimama lazima yabaki kama sentimita 5 juu ya mchanga, na chujio litumike kila siku. Usimimine dawa ya klorini juu yake. Klorini itiwe kwenye chombo cha maji yaliyokwisha kuchujwa.

Usilisafishe kwa sababu tu siku zimepita. Ngoja mpaka lizidi kuwa la polepole hata maji yasitoshe. Ondoa sahani yenye matundu. Hakikisha kuna maji ya kutosha juu ya mchanga. Kama hayatoshi ongeza lita 4. Kwa kiganja kilichonyooshwa, zungusha maji mara tano ukigusa mchanga kidogo tu bila kuchimba. Teka maji machafu kwa kikombe. Rudia mpaka mwendo urudi, kisha sawazisha mchanga na urudishe sahani. Kwa kuwa umeuvuruga utando, chemsha maji ya kunywa au uyatie klorini mpaka utando ukue tena.

Chujio hili nalo tusiliamini likitoa lita 1 kwa muda mfupi zaidi ya dakika 2 na nusu linapojazwa, likitoa mchanga, au maji yakishuka chini ya mchanga. Mwendo wa haraka mno ni dalili kuwa mchanga ni wa chembe kubwa mno au ni mchache. Mchanga kukauka ni dalili ya ufa kwenye pipa, na utando umekufa.

Mwisho, machujio haya, hata yakiwa mazima, hayaondoi madini yaliyoyeyuka. Kwa ndugu zetu wa Arusha na sehemu nyingine zenye floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa, kuchuja hivi hakutoshi, na kuchemsha pia hakusaidii. Huko yafaa kutafuta maji ya mvua au chanzo kilichopimwa. Vilevile virusi ni vidogo sana, na baadhi huweza kupenya mshumaa. Penye kipindupindu au mtoto mwenye kuharisha, maji yaliyochujwa yachemshwe mpaka yatokote, kisha yafunikwe.