Kabla ya Kulipia Kufundishwa Upya kwa Modeli ya Picha

Baadhi ya wauzaji wa vyakula vikavu hutumia modeli ya akili mnemba inayosoma picha, ili bidhaa iliyopigwa picha kwa simu iingie yenyewe katika orodha ya mauzo. Modeli inapokosea, muuzaji huweza kushauriwa alipie kufundishwa kwake upya kwa picha za duka lake. Ushauri huo waweza kuwa sahihi, lakini tusilipe kabla ya kujua kosa limetoka wapi.

Njia mbili

Maelekezo ni maneno tunayoiandikia modeli kila tunapoipa picha. Tukiyabadilisha, modeli yenyewe haibadiliki, na gharama kubwa ni muda wetu. Kufundisha upya ni kuipa modeli picha nyingi zenye majina sahihi mpaka hesabu zake za ndani zibadilike. Kazi hiyo huhitaji fedha na picha, na hurudiwa bidhaa mpya zinapoongezeka.

Mfano

Tuseme duka lina bidhaa tano: dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma, mchele wa Kyela, mchele wa Mbarali na maharage ya njano. Tunapiga picha 20 za kila bidhaa, kwa siku na mwanga tofauti, na kuandika jina sahihi papo hapo. Picha hizi 100 ni za mtihani. Hatumpi mtu yeyote azitumie kufundishia.

Maelekezo ya kwanza yalisema tu: "Taja bidhaa hii." Modeli ikajibu "samaki wadogo waliokaushwa" au "nafaka nyeupe", na majibu 38 tu yakafaa. Hapa modeli haikukosa macho. Haikuambiwa majina ya dukani. Tukaandika upya: tukaorodhesha majina matano, tukaeleza alama ambazo muuzaji mwenyewe hutazama, kama vile umbo, unene na rangi, kisha tukaamuru: "Chagua jina moja katika orodha. Ukiwa na shaka, andika SIJUI." Majibu sahihi yakafika 71.

Makosa 29 yaliyobaki tukayapanga mafungu. Maharage hayakukosewa hata mara moja. Picha 14 zilichanganya dagaa wa aina mbili, na picha 15 zilihusu mchele: nyingine zilibadilishwa jina, nyingine zilijibiwa SIJUI.

Kipimo cha jicho la muuzaji

Sasa tunampa muuzaji mzoefu picha hizo 29, bila kumwonyesha bidhaa yenyewe. Akiwatambua dagaa, basi tofauti imo ndani ya picha na modeli haijajifunza kuiona. Kwanza tunaambatanisha picha mbili za mfano za kila dagaa katika maelekezo, zisizotoka katika mtihani. Makosa yakiendelea, hapo kufundisha upya kuna sababu.

Akishindwa kuutambua mchele, fedha ya mafunzo huenda isisaidie. Mchele wa Kyela husifiwa kwa harufu yake, na harufu haipigwi picha. Dawa ni kubandika jina juu ya gunia, ili modeli isome maandishi.

Mafunzo yanapodanganya

Hatari ya kwanza ni modeli kujifunza chombo badala ya bidhaa. Ikiwa dagaa wa Mwanza hupigwa picha daima katika beseni la buluu, na wa Kigoma katika gunia, modeli yaweza kupata alama za juu kwa kutazama beseni tu. Njia ya kuigundua ni kubadilishana vyombo, kisha kupima tena.

Hatari ya pili ni modeli iliyofundishwa kuacha kusema SIJUI. Tuipe picha ya uduvi, ambao hawamo katika orodha. Ikiwaita dagaa bila kusita, itaingiza pia bei isiyo yao, na mnunuzi ndiye atakayeumia.

Aidha, tusidanganywe na tofauti ndogo. Katika picha 40 za dagaa, kuongezeka kwa majibu mawili sahihi kwaweza kuwa bahati tu. Kushuka kutoka makosa 14 hadi matatu ni jambo jingine.

Kabla ya kutia sahihi

Tunamshauri mteja ahakikishe mambo matatu katika mkataba. Kwanza, modeli ipimwe kwa picha za mtihani alizozihifadhi yeye mwenyewe. Pili, ilinganishwe na modeli isiyofundishwa lakini yenye maelekezo yaliyoandikwa vizuri, si ile iliyoambiwa "Taja bidhaa hii." Tatu, ijulikane nani atalipa mafunzo yakirudiwa. Asiyekubali kulinganishwa hivyo asilipwe malipo ya awali.