Lifti ya Ghorofa Tatu Ina Hali Ngapi?

Mwalimu, ghorofa ni tatu, basi hali si ziwe tatu? Mbona mchoro wako una 12?

Barua za namna hii zimekuja nyingi, nazijibu kwa pamoja na kwa kirefu, kwa sababu kosa hili huzaa mengine. Ghorofa ni mahali. Hali ni yote ambayo mashine lazima iyakumbuke ili iamue hatua inayofuata. Chukua lifti iliyosimama ghorofa ya 2 huku ya 1 na ya 3 zote zinaiita. Iende wapi? Ukiniambia "ipo ya 2" tu, siwezi kukujibu, na kidhibiti chako hakiwezi pia. Lazima kijue lifti ilikuwa inaelekea wapi. Kama ilikuwa inapanda, imalize ya 3 kwanza, ndipo ishuke.

Kwa hiyo ghorofa ya 2 inagawanyika: ya kupanda na ya kushuka. Ya 1 haigawanyiki, maana kutoka pale ni kupanda tu, na ya 3 ni kushuka tu. Vituo ni vinne. Kila kituo kina hali ya mlango wazi (M) na hali ya kusimama na kufunga mlango (S), jumla nane. Ongeza safari nne: K12, K23, K32 na K21. Ndiyo 12.

Matokeo yanasomwa kwenye hali yenyewe, si kwenye vitufe. K12 na K23 huendesha mota juu, K32 na K21 chini, M hufungua mlango, S haiendeshi mota. Hakuna hali hata moja inayowasha mota na kufungua mlango kwa pamoja, na hilo unalithibitisha kwa kusoma majina 12 tu.

Kwa nini isiende tu kwenye ombi lililo karibu?

Jaribu mwenyewe. Ghorofa ya 3 imebonyezwa, taa inawaka. Wakati huohuo watu wanapishana kati ya 1 na 2. Lifti ikiwa 1, ombi la karibu ni la 2. Ikifika 2, ya 1 na ya 3 ziko umbali sawa, na kama programu yako ikikuta sare huchagua chini, inarudi 1. Mtu wa juu atasubiri mpaka wale wa chini wachoke. Mwelekeo ndio unaomwokoa.

Ya kwangu inakumbuka mwelekeo, lakini haiondoki ghorofa ya 2 mtu akishikilia kitufe.

Umeangalia `r2`, ombi la ghorofa ya 2, kwanza. Mlango ukifungwa tu, ombi lilelile linaufungua tena. Liweke mwisho:

```
case S2_JUU:
  if (!mlango_umefungwa) break;
  if (r3)      hali = K23;
  else if (r1) hali = S2_CHINI;
  else if (r2) hali = M2_JUU;
  break;
```

Aliyechelewa kwenye ghorofa ya 2 atachukuliwa lifti ikirudi. Aliyekanyaga kizingiti ni jambo jingine: sensa ya kizuizi ndiyo inayorudisha hali kwenye M, wala haipiti kwenye `r2`.

Nikibonyeza mara kumi itakuja haraka?

Hapana. Ombi ni biti moja. Mara ya kwanza imeshawashwa, na huzimwa tu mlango unapofunguliwa kwenye ghorofa hiyo.

Swichi ya mlango inasumbua. Fundi ameshauri tuiruke kwa kipande cha waya, mradi programu inalinda.

Mfukuzeni. Nimewahi kufungua paneli ya jengo moja nikakuta waya kama huo umekaa humo, na watu wanapanda kila siku. `mlango_umefungwa` katika programu ni habari tu, na programu hukosea. Viungo vya swichi za milango lazima vipitishe umeme wenyewe wa kontakta za mota na breki, kwa mfululizo. Mlango ukiachia, umeme unakatika, springi inafunga breki, hata kama kidhibiti kimeganda kwenye K23. Ukiunganisha ule waya, umeua ulinzi wote wawili kwa mkupuo, kwa sababu sasa programu nayo inaambiwa uongo. Swichi ikisumbua, isafishwe, irekebishwe ilivyokaa, au ibadilishwe.

Umeme ukikatika lifti ikiwa katikati, ikirudi itajuaje iko wapi?

Haitajua, na isijifanye inajua. Wengi huanzisha `hali = S1` kwa mazoea, na lifti iliyokwama kati ya 2 na 3 inaamini iko chini. Inapoitwa 2, inapanda kuitafuta na kukuta sensa ya 3. Weka hali ya 13, `TAFUTA`: mlango umefungwa, mota inashuka polepole, maombi yote yanapuuzwa mpaka sensa ya ghorofa ya 1 iguswe, ndipo iingie S1. Biti nne zina nafasi 16, hivyo tatu zinabaki bila jina. Hizo nazo zielekeze `TAFUTA`, maana mtikisiko wa umeme unaweza kukutupa humo.