Oda ya Hisa Kutoka Mwanza: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mkazi wa Mwanza anayetaka hisa za CRDB, NMB au TBL hana haja ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Atatuma oda kwa simu, kupitia Hisa Kiganjani, au atampa maagizo dalali wa hisa mwenye leseni. Kabla oda haijaondoka, kuna jambo moja ambalo lazima aliamue. Ama anunue kwa bei ya soko, yaani kwa bei yoyote itakayokutwa muda huo, ama aweke kikomo, yaani bei ambayo hataivuka. Wengi hupita hapo haraka, wakidhani tofauti ni ndogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua fedha ngapi zitatoka mfukoni mwako, na pia kama hisa utazipata au utazikosa.

Kwanza elewa hili

Chukua biashara inayofahamika hapa. Una duka Shinyanga na unataka magunia kumi ya dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba. Humo sokoni leo, kwa bei za mfano, muuzaji wa kwanza ana magunia matatu kwa shilingi 150,000 kila moja. Wa pili ana manne kwa 155,000. Wa tatu ana mengi, lakini anataka 170,000.

Ukimwambia kijana wako, "Leta magunia kumi, bei yoyote utakayoikuta," atamaliza magunia ya wa kwanza kwa 450,000, atachukua manne ya wa pili kwa 620,000, kisha atanunua matatu kwa wa tatu kwa 510,000. Jumla ni shilingi 1,580,000. Wewe ulisikia bei ni 150,000 ukapiga hesabu ya 1,500,000. Hakuna aliyekudanganya. Bei uliyoisikia ilikuwa ya magunia matatu tu.

Ukimwambia, "Leta kumi, lakini gunia lisizidi 155,000," atarudi na magunia saba kwa shilingi 1,070,000. Matatu yaliyobaki yatasubiri mpaka atokee muuzaji anayekubali bei yako, na huenda asitokee. Agizo la kwanza lilikuhakikishia mzigo bila kukuhakikishia bei. La pili lilikuhakikishia bei bila kukuhakikishia mzigo. Hakuna agizo linalohakikisha vyote viwili.

Oda za hisa hufanya kazi hivyohivyo, ila kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna kupatana kwa mdomo. Mfumo wa kompyuta hupanga wauzaji kuanzia wa bei ya chini na wanunuzi kuanzia wa bei ya juu. Wenye bei sawa hupangwa kwa muda, aliyetangulia kuingiza oda akitangulia kuhudumiwa. Oda ya bei ya soko humeza kila kilicho mbele yake mpaka idadi itimie. Oda yenye kikomo husimama pale ulipoiambia isimame.

Mambo ya kufanya

1. Soma bei pamoja na idadi. Kwenye ubao wa oda, kila bei ina idadi ya hisa kando yake. Bei bila idadi haikwambii chochote cha maana. Kama unataka hisa 1,000 na muuzaji wa bei ya chini ana 80, basi bei yake si bei yako. Shuka ngazi kwa ngazi, jumlisha idadi mpaka ifikie unayotaka, na uone bei ya ngazi ya mwisho utakayoigusa. Hiyo ndiyo bei ya kuamulia. Kama huwezi kuuona ubao, mwombe dalali akusomee walau ngazi tatu za kwanza za upande unaokuhusu.

2. Weka kikomo kwa kampuni ambayo hisa zake hazichezi sana. Soko letu lilianza kufanya biashara mwaka 1998, na bado lina kampuni ambazo hisa zake hupitisha siku bila kuuzwa hata moja. Sababu mara nyingi ni umiliki. TBL, yenye kiwanda hapa Mwanza, sehemu kubwa ya hisa zake iko mikononi mwa kundi la kimataifa la AB InBev, ambalo haliziingizi sokoni kila asubuhi. Hisa zinazobaki kwa umma ni chache, na wengi wa walionazo wamekaa nazo tu. Ubao wa namna hiyo una mapengo kati ya ngazi moja na nyingine, na oda ya bei ya soko huyaruka kwa gharama yako.

3. Pata kikomo chako kwa hesabu, kisha kilinganishe na ubao. Amua kwanza hisa hiyo ina thamani gani kwako, ukiangalia faida ya kampuni na gawio inalotoa. Kisha tazama ubao. Ukiweka kikomo sawa na bei ya muuzaji wa mbele, utapata alichonacho mara moja na salio litasubiri. Ukiweka chini ya hapo, unaingia foleni ya wanunuzi na kungoja muuzaji ashuke. Kumbuka pia kwamba soko huweka mpaka wa kiasi ambacho bei inaweza kupanda au kushuka kwa siku. Kikomo kilicho nje ya mpaka huo hakitapokelewa.

4. Tumia bei ya soko pale tu masharti matatu yanapotimia. Hisa iwe inauzwa na kununuliwa kila siku kwa wingi, kama ilivyo kwa CRDB mara nyingi. Idadi unayotaka iwe ndogo kuliko iliyopo kwenye ngazi ya kwanza ya ubao. Na uwe na sababu ya kutaka biashara imalizike leo, hata kwa shilingi chache zaidi. Hapo oda ya bei ya soko ni halali na ni ya busara, kwa sababu kikomo cha kubana sana kinaweza kukukosesha hisa kwa tofauti ndogo mno. Sharti moja likikosekana, rudi kwenye kikomo.

Mambo ya kutofanya

1. Usiichukue bei ya mwisho kama ahadi. Bei inayosomwa kwenye taarifa ya habari ni bei ya biashara iliyokwisha kufanyika. Kwa hisa isiyochezacheza, biashara hiyo inaweza kuwa ya siku nyingi zilizopita, tena ya hisa chache. Pale Mwaloni, bei ya dagaa wa kipindi cha giza, wavuvi wanapovua kwa taa na mzigo ukawa mwingi, haikusaidii mbalamwezi ikishatoka na mitumbwi ikapumzika. Unachopaswa kujua ni nani yuko sokoni sasa na anataka nini.

2. Usiuze hisa nyingi kwa mpigo mmoja kwa bei ya soko. Watu hujihadhari wanaponunua, wakasahau kwamba kuuza kuna hatari ileile. Tuseme una hisa 2,000 na mnunuzi wa mbele anatoa shilingi 600. Anataka 500 tu. Nyuma yake kuna mwingine anayetaka 700 kwa 590, na wa tatu anayetaka 800 kwa 570. Oda yako ya bei ya soko itawafikia wote watatu. Utapokea 300,000, kisha 413,000, kisha 456,000, jumla shilingi 1,169,000, ilhali kichwani ulikuwa na 1,200,000. Umepoteza 31,000 kabla ada hazijakatwa. Zaidi ya hapo, umeisukuma bei ya hisa zako mwenyewe mpaka 570. Ungeweka kikomo cha 590 ungeuza 1,200 papo hapo, na 800 zingebaki zikisubiri mnunuzi.

3. Usidhani kikomo kinakuhakikishia kupata hisa. Kuona kwenye ubao kwamba bei yako imefikiwa si sawa na kuhudumiwa. Huenda zimeuzwa hisa 300 kwa bei hiyo, na mbele yako kulikuwa na mtu aliyetaka 300 zilezile na alitangulia kuweka oda. Hujaonewa, ni foleni. Oda pia inaweza kutimia kwa sehemu tu, ukabaki na hisa 40 kati ya 500 ulizotaka. Uliza mapema kama ada inayotozwa ina kiwango cha chini kwa kila biashara, maana vipande vidogovidogo vinaweza kukugharimu kuliko ulivyotarajia.

4. Usiiache oda ikilala sokoni bila muda wa mwisho. Kikomo ulichokiweka kwa habari za leo kinaweza kukunasa kwa habari za mwezi ujao. Mfano wa wazi ni gawio. Kampuni hutangaza siku ya kufunga rejista ya wanahisa, na atakayenunua akiwa amechelewa hatapata gawio la mwaka huo. Baada ya hapo ni kawaida bei kushuka, kwa sababu hisa inauzwa bila gawio lake. Oda yako ya kununua iliyokuwa imekaa chini, ambayo haikuguswa wakati hisa ikiwa na gawio, ndiyo itakayoguswa sasa. Utaona umepata bei nzuri kumbe umepata hisa iliyokwisha kutoa matunda ya mwaka. Kila oda iwe na tarehe ya kufa, na kila tangazo la kampuni likutume kwenda kuzipitia upya oda zako.

5. Usimpe dalali maagizo ya jumla. "Ninunulie za milioni moja" si agizo kamili. Dalali atakayelipokea hivyo ana haki ya kuuliza, na asipouliza ataamua yeye. Mpe kwa maandishi mambo matano: unanunua au unauza, kampuni gani, hisa ngapi, bei ya mwisho unayokubali, na siku ya mwisho ya oda. Mfano: "Nunua hisa 500 za CRDB, bei isizidi shilingi hii, hadi Ijumaa jioni, zisizopatikana zifutwe." Ukichagua bei ya soko, andika hivyo waziwazi, na uulize salio litakwenda wapi wauzaji wakiisha kabla idadi haijatimia. Kisha tunza ujumbe huo, na siku utakapoletewa hati ya muamala, linganisha bei na idadi, mstari kwa mstari, na ulichoagiza.