Picha Moja ya Ubavuni: Jinsi ya Kuitambua Baiskeli na Sehemu Zake

Mkazi wa Umoja alishuka ngazi asubuhi na kukuta mnyororo umekatwa na baiskeli yake haipo. Kwenye kituo cha polisi aliulizwa ilikuwa baiskeli ya aina gani. Alijibu kwamba ni nyeusi na ina gia. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya baiskeli nyingi kati ya Donholm na Kayole, na afisa hawezi kuyatumia kuitofautisha moja na nyingine.

Hata hivyo, mkazi huyo alikuwa na picha moja kwenye simu, iliyopigwa baiskeli ikiwa imeegemea ukuta wa ploti. Mfano huu unaonyesha jinsi picha ya namna hiyo inavyosomwa hatua kwa hatua, na pale ambapo haina uwezo wa kusema zaidi.

Kwanza: ni upande gani?

Karibu baiskeli zote huwekwa cheni upande wa kulia wa mwendeshaji. Ndiyo maana picha ya upande wa kulia ina thamani kuliko ya kushoto: inaonyesha cheni, sahani za meno kwenye pedali, meno ya gurudumu la nyuma na kifaa cha kubadili gia. Picha ya kushoto huficha karibu vyote hivyo.

Kabla ya kuendelea, soma maandishi kwenye fremu au tairi. Kama herufi zimegeuka kinyume, simu imeipindua picha kama kioo kinavyofanya, na cheni itaonekana kushoto ilhali kwa kweli ipo kulia. Picha ya mkazi wa Umoja ilisomeka sawa na cheni ilikuwa kulia.

Pili: aina ya baiskeli

Aina husomwa kwenye umbo la fremu, mikono ya usukani na unene wa tairi vikitazamwa pamoja. Sehemu moja pekee inaweza kupotosha, kwa sababu mafundi hubadilisha usukani na tairi kila siku.

Blaki Mamba ndiyo rahisi kuliko zote. Bomba la juu la fremu limelala sawasawa, magurudumu ni makubwa na membamba, usukani umekunjwa kumrudia mwendeshaji, na mara nyingi ina madigadi ya chuma na karia nzito nyuma. Muundo wake ulitoka Uingereza, na baadaye India na Uchina zikautengeneza kwa wingi.

Baiskeli ya mlimani ina tairi nene zenye vinundu, usukani ulionyooka, na bomba la juu linaloteremka kuelekea kwenye kiti. Mara nyingi uma wa mbele una springi: utaona miguu ya uma ikiwa na sehemu nyembamba inayong'aa juu na sehemu nene chini. Baiskeli ya mbio ina tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Baiskeli ndogo ya michezo ina magurudumu madogo, fremu ya chini, na kwa kawaida haina gia.

Picha ya Umoja ilionyesha tairi za vinundu, usukani ulionyooka na uma wenye springi. Hiyo ni baiskeli ya mlimani.

Ukubwa wa gurudumu usikisiwe kwa macho. Magurudumu ya inchi 26 na ya inchi 27.5 hufanana mno kwenye picha. Ikuze picha hadi ubavu wa tairi na utafute namba, kwa mfano 26 x 1.95. Zisiposomeka, acha sehemu hiyo wazi.

Tatu: gia

Angalia chini ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kama kuna mkono mdogo unaoning'inia ukiwa na vigurudumu viwili vya meno, na cheni inavizunguka kwa umbo la herufi S, hicho ndicho kibadili gia cha nyuma. Halafu tazama juu ya sahani kubwa ya meno karibu na pedali. Kikiwepo kijumba chembamba cha chuma ambacho cheni inapita ndani yake, kuna kibadili gia cha mbele pia, na hivyo mbele kuna sahani mbili au tatu.

Kama cheni imenyooka bila kitu kinachoning'inia, usiandike haraka kwamba baiskeli haina gia. Kuna mambo mawili ya kuchunguza. La kwanza ni kwamba baadhi ya baiskeli za mitumba huwa na gia zilizofichwa ndani ya kitovu. Dalili yake ni kitovu kinene na waya, kijicheni chembamba au kijisanduku kidogo kwenye ncha ya ekseli. La pili ni kazi ya fundi: kibadili gia kikivunjika, mafundi wengi hukitoa na kufupisha cheni. Hapo utaona meno kadhaa ya nyuma yamebaki lakini cheni inatumia mduara mmoja tu, na chini ya ekseli kuna kipande cha fremu chenye tundu tupu. Tundu hilo ni alama nzuri, kwa sababu si kila baiskeli ya aina hiyo imefanyiwa hivyo.

Baiskeli ya Umoja ilikuwa na vibadili gia vyote viwili. Mbele zilionekana sahani tatu. Nyuma, miduara ya meno ilihesabika sita, lakini ule mdogo kabisa wa nje huweza kufichwa na cheni. Kwa hiyo jibu sahihi ni "sita au saba", wala si "gia 21" kwa uhakika. Hesabu hiyo ya 21, yaani tatu mara saba, ingethibitishwa na picha ya kishikio cha gia kwenye usukani, ambako namba huandikwa.

Nne: breki

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu huangalia sehemu moja tu. Breki ya mbele na ya nyuma zisomwe kila moja peke yake.

Kwenye Blaki Mamba, fito za chuma hutoka kwenye usukani na kushuka sambamba na uma hadi kwenye gurudumu. Ukivuta, raba hupanda na kubana rimu kutoka upande wa ndani, ule unaotazama spoki. Hakuna waya unaoning'inia, na fito hizo huonekana hata kwenye picha iliyopigwa mbali.

Breki ya V ina mikono miwili mirefu iliyosimama kandokando ya tairi. Kwenye picha ya ubavuni utaona mmoja wao, ukianzia chini ya rimu na kufika karibu na kilele cha tairi, na juu yake kijibomba cha chuma kilichopinda ambacho waya hupitia. Ipo breki ya zamani inayofanana nayo, lakini mikono yake ni mifupi, imetokeza nje, na waya wake hushuka kutoka juu katikati ya tairi kisha kugawanyika pande mbili. Baiskeli za mbio za kawaida huwa na breki ndogo ya umbo la kwato, iliyofungwa kwa bolti moja juu ya tairi.

Breki ya diski ina tatizo lake: diski na kibanio chake huwekwa upande wa kushoto. Picha ya kulia inayopendeza kwa gia ndiyo inayoificha diski. Basi itafute kwa kukosekana kwa vingine. Kama hakuna mkono wowote kando ya rimu, tazama katikati ya spoki: nyuma ya kitovu huonekana ukingo wa sahani ya chuma yenye matundu. Fuata pia waya wa breki. Ukishuka hadi karibu na ekseli badala ya kuishia juu ya tairi, kuna diski.

Kwenye picha ya Umoja, nyuma ulionekana wazi mkono mrefu na kijibomba kilichopinda. Mbele hakukuwa na mkono, na ukingo wa diski ulichungulia kati ya spoki. Mwenyewe alikuwa ameamini kwamba baiskeli yake ina diski pande zote mbili. Picha ilimsahihisha: diski mbele, breki ya V nyuma. Mchanganyiko huo unapatikana kwenye baiskeli za bei nafuu, lakini si kwenye zote, na hivyo unapunguza sana idadi ya baiskeli zinazoweza kushukiwa kuwa ni hiyo.

Kujua hivyo humsaidia pia anayenunua spea. Raba ndefu ya breki ya V haiingii kwenye Blaki Mamba, na hakuna raba kabisa kwenye breki ya diski. Anayemtumia fundi picha ya kulia pekee na kuomba "breki za mbele" anaweza kuletewa raba ambazo hazina pa kukaa.

Maelezo yaliyokamilika

Baada ya hatua hizo nne, "nyeusi na ina gia" ikawa hivi: "Baiskeli ya mlimani, fremu nyeusi, uma wa mbele wenye springi, usukani ulionyooka. Sahani tatu mbele, meno ya nyuma sita au saba, vibadili gia mbele na nyuma. Breki ya diski mbele, breki ya V nyuma. Karia haipo. Kiti kimeshonwa upande wa kulia kwa uzi mweupe." Jambo la mwisho si la kiwandani. Ni alama ya mwenyewe, na mara nyingi alama kama hizo ndizo zinazomaliza ubishi.

Picha isichoweza kusema

Picha ya ubavuni hutaja aina ya baiskeli. Haithibitishi kwamba baiskeli fulani ndiyo yako, kwa kuwa nyingine ya aina hiyo hiyo inaweza kuwa na sehemu zile zile. Kinachotofautisha ni namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hupigwa chini ya bomba ambamo ekseli ya pedali hupita. Haionekani mpaka baiskeli ipinduliwe.

Kwa hiyo wakazi wenye baiskeli wanashauriwa kuwa na picha nne: upande wa kulia, upande wa kushoto, usukani ukionekana kutoka juu, na namba ya fremu baiskeli ikiwa imepinduliwa. Mzipige mchana, baiskeli ikiwa mbali na ukuta wa rangi inayofanana nayo, na simu ikiwa kwenye kimo cha ekseli ili magurudumu yasionekane mviringo uliobonyea. Mtumie ndugu nakala, kwa sababu simu nayo huibwa.

Baiskeli ikipotea, peleka maelezo na picha hizo kituo cha polisi, hakikisha namba ya fremu imeandikwa kwenye taarifa, na uondoke na namba ya OB. Anayenunua baiskeli ya mkononi naye aipindue kabla ya kulipa. Namba iliyosuguliwa kwa tupa au kupakwa rangi upya mahali hapo pekee ni sababu ya kutosha ya kurudisha pesa mfukoni.