Kwa Nini Kulabu Iliyochapwa Hukatika kwenye Mstari wa Tabaka

Printa ya vipimo vitatu huyeyusha uzi wa plastiki na kuulaza mstari kwa mstari mpaka tabaka moja likamilike, kisha hupanda juu kidogo, mara nyingi sehemu mbili za kumi za milimita, na kuanza tabaka jingine. Kitu kinachotoka humo huonekana kuwa kipande kimoja kigumu. Kwa hakika ni rundo la mamia ya karatasi nyembamba za plastiki zilizogandamana, na nguvu ya rundo hilo hutegemea upande linakovutwa.

Ichukuliwe kulabu ya kutundikia dripu ukutani. Zahanati iliyo mbali na mji, kama zile za vijiji vya kahawa katika kata ya Iyula wilayani Mbozi, inaweza kuhitaji kulabu kadhaa kwa siku moja, na fundi mwenye printa mjini Tunduma au Mbeya anaweza kuzitoa kwa gharama ndogo. Kulabu hii ina bamba la kufungwa ukutani kwa skrubu, na mkono unaochomoza milimita 60 kutoka kwenye bamba. Mkono una upana wa milimita 8 na kimo cha milimita 10. Plastiki ni PLA, ile itumiwayo sana kwa kuwa huchapika kwa urahisi.

Fundi asiyezoea huweka bamba juu ya meza ya printa na kuuacha mkono usimame wima. Ni uamuzi unaoeleweka, kwa sababu bamba pana hushika meza vizuri na hakuna sehemu inayoning'inia hewani. Lakini kwa kufanya hivyo kila tabaka la mkono linakuwa limeukata mkono upande kwa upande, kama vipande vya muwa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kulabu ikishafungwa ukutani na dripu kutundikwa, uso wa juu wa mkono hunyooshwa na uso wa chini hubanwa. Mnyoosho huo huvuta tabaka moja kutoka kwenye jirani yake, na huwa mkali zaidi pale mkono unapokutana na bamba. Hapo ndipo kulabu hukatika, ghafla, kwa sauti kama ya kijiti kikavu.

Sababu iko katika jinsi tabaka mbili zinavyoungana. Plastiki imeundwa kwa molekuli ndefu zilizosokotana kama nyuzi za katani. Ndani ya uzi mmoja uliolazwa, msokotano huo ni kamili. Kati ya uzi mpya na tabaka la chini yake, molekuli hazina budi kupenya mpaka na kujisokota upya upande wa pili, nazo hufanya hivyo plastiki ikiwa bado na joto tu. PLA hutoka kwenye ncha ya printa ikiwa na nyuzijoto zipatazo 200 au 210, lakini ikishuka chini ya takriban nyuzijoto 60 molekuli zake huacha kutembea. Muda kati ya hali hizo mbili ni sekunde chache, kwa hiyo mshikamano hukoma kabla haujakamilika. Isitoshe, nyuzi zilizolazwa zina mabega ya mviringo, hivyo kila mpaka wa tabaka huacha mfereji mdogo usoni pa kitu. Mfereji huo ni mwanzo wa ufa uliokwisha kuandaliwa. Hufanya kazi ileile ya mkato mdogo ambao mshonaji huuweka pembeni mwa kitambaa kabla ya kukichana.

Kwa ajili ya hesabu, PLA inayovutwa kufuata nyuzi zake inaweza kukadiriwa kustahimili megapaskali 50 hivi, na inayovutwa kukingama tabaka ikapewa nusu yake, yaani 25. Printa iliyopangwa vizuri hupata zaidi ya hapo na mbovu hupata chini sana, ila nusu ni kadirio la busara.

Jambo la pili ni kuta. Printa haijazi kitu chote. Huzungusha mistari kadhaa ukingoni, ambayo ndiyo kuta, na katikati huweka wavu mwepesi wa kujaza. Ukuta mmoja huwa na unene wa milimita 0.45 hivi. Kuta mbili hutoa ganda la milimita 0.9, na kuta nne ganda la milimita 1.8. Mkono unapopinda, plastiki iliyo karibu na uso ndiyo inayobeba mzigo karibu wote, na ile ya katikati hubeba kidogo mno. Ndiyo maana bomba la chuma la baiskeli halina kitu ndani na bado humbeba mtu na gunia lake.

Wavu wa katikati ukiwekwa kando, uwezo wa mkono kukabili kupinda hupatikana kwa kulinganisha umbo la nje na uwazi wa ndani. Kwa ganda la kuta mbili hupatikana milimita za ujazo 76, na kwa kuta nne 114. Zidisha namba hiyo kwa megapaskali ambazo plastiki inastahimili, kisha gawanya kwa urefu wa mkono, milimita 60, nawe utapata nguvu ya kuuvunja. Kulabu iliyosimamishwa wima yenye kuta mbili huvunjika kwa nyutoni 32 hivi, sawa na uzito wa kilo tatu na kidogo. Ikiongezwa kuta kuwa nne, hufika nyutoni 48. Kulabu yenye kuta mbili tu, lakini iliyolazwa ubavu wakati wa kuchapwa ili nyuzi zifuate urefu wa mkono na mviringo wa ncha yake, hufika 63. Iliyolazwa na yenye kuta nne hufika 95.

Mfuko wa dripu wa lita moja una uzito wa nyutoni 10 hivi, na mifuko miwili 20. Kwa namba hizo hata kulabu mbaya kabisa yaonekana kufaa, na ndipo udanganyifu ulipo. Dripu haikai imetulia. Mgonjwa hugeuka kitandani na kuvuta mpira, au mhudumu hupita akaunasa kwa mkono. Mvuto wa namna hiyo hufika nyutoni 50 bila shida, nao huivunja kulabu iliyosimamishwa wima hata ikiwa na kuta nne. Kulabu inaweza kukaa wiki tatu bila kasoro kisha ikaanguka usiku na sindano ikachomoka.

Mafundi wengi, wakiona kitu kimevunjika, hukimbilia kuongeza wavu wa kujaza kutoka asilimia 20 hadi 60. Kwa mkono huu hatua hiyo hula plastiki nyingi kidogo kuliko kuongeza kuta mbili, na hata wavu ukifanya kazi kwa ukamilifu wake faida ni kama robo tatu tu ya ile ya kuta. Tena haigusi kabisa udhaifu wa mpaka wa tabaka, kwa kuwa wavu nao umekatwa na tabaka zilezile. Mpangilio unaofaa, kwa jinsi unavyoandikwa katika PrusaSlicer na tabaka zikiwa za milimita 0.2, ni huu:

```
perimeters = 4
top_solid_layers = 9
bottom_solid_layers = 9
fill_density = 20%
```

Tabaka tisa za juu na tisa za chini zinahitajika kwa sababu kulabu ikilazwa ubavu, pande zake mbili hazifungwi na kuta bali na tabaka hizo, na tisa zina unene sawa na kuta nne. Pembe kati ya mkono na bamba nayo ijazwe kwa mviringo wa milimita 5 hivi, kwa sababu pembe kali hukusanya mkazo mahali pamoja.

Kipande kilichovunjika husema chenyewe kilikosewa wapi. Uso wa mvunjiko ukiwa bapa na wenye mistari sambamba inayong'aa, kama ukurasa uliobanduliwa kitabuni, tabaka zimeachana. Ukiwa na michirizi iliyovutika na plastiki iliyobadilika kuwa nyeupe, nyuzi zenyewe zimekatika, na hapo dawa ni unene. Kuna mvunjiko wa tatu unaostahili kutazamwa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara. Printa nyingi huweza kuendelea na kazi umeme ukirudi, lakini tabaka la mwisho huwa limekwisha kupoa kabisa, na lile linalofuata hulala juu yake bila kushikana vema. Kipande kama hicho hukatika kwenye kimo kilekile umeme ulipokatika. Kisitumiwe kubeba kitu juu ya mgonjwa, hata kikiwa kizuri machoni.

Hali ya hewa ya nyanda za Mbozi pia huingia katika hesabu. Upepo baridi wa Juni na Julai ukipuliza kwenye printa iliyo wazi hupoza tabaka haraka mno, kwa hiyo printa izingirwe hata kwa boksi, na kasi ya feni ipunguzwe. Masika yana tatizo lake: uzi wa plastiki hunyonya unyevu, na maji hayo hugeuka mvuke kwenye ncha ya printa. Dalili yake ni sauti ya kupasukapasuka na vitundu vidogo usoni. Kupandisha joto la ncha kwa nyuzi 5 hadi 10 mara nyingi huboresha mshikamano, ila hakuponyi uzi uliolowa.

Kipimo cha kuaminika hakihitaji maabara. Kulabu ya majaribio hufungwa kwenye ubao, ndoo nyepesi hutundikwa kwenye ncha yake, na maji humiminwa lita moja baada ya nyingine, kila lita ikiwa kilo moja. Kulabu iliyolazwa yenye kuta nne ikishindwa kufikisha kilo 8, kasoro imo katika joto, unyevu au kasi, na si katika umbo.

Wabunifu wa darubini ya OpenFlexure, iliyotengenezwa Dar es Salaam na STICLab na kuhusishwa na kazi ya Taasisi ya Afya Ifakara, walilikabili suala hili kwa ukali zaidi. Darubini hiyo husogeza sampuli kwa kupinda vipande vyembamba vya plastiki vilivyo sehemu ya mwili wake. Vipande hivyo vimechorwa vikiwa vimelala, ili nyuzi zipite kwa urefu wake na kupinda kusifungue mpaka wa tabaka. Mwili wote huchapwa kwa mkao mmoja tu. Anayeugeuza juu ya meza ya printa, hata kwa nia ya kuokoa nafasi, atapata umbo lilelile lenye vipande vitakavyokatika mapema.

Kuna mahali ambapo kulaza hakusaidii, kwa sababu kifaa huvutwa pande zote. Hapo hutobolewa tundu linalopita katika tabaka zote, bolti ya chuma ikapitishwa na nati ikakazwa. Chuma hubeba mvuto, na tabaka hubaki zimebanwa, hali ambayo zinaimudu vizuri. Hata hivyo PLA iliyo chini ya mzigo wa kudumu hulegea polepole, kwa hiyo dripu isiachwe imening'inia bila kazi. Wala kifaa hicho kisitiwe kwenye mtungi wa kutakasia vyombo kwa mvuke: nyuzijoto 121 ni mara mbili ya kiwango ambacho PLA huanza kulainika, nacho kitatoka kimejikunja.