Kusoma Muziki wa Mistari Mitano: Somo kwa Waliozoea Solfa

Waimbaji wengi wa kwaya za Kawangware, Kangemi na Dagoretti wamejifunza nyimbo zao kwa herufi za solfa. Mwimbaji wa namna hiyo akienda mjini Nairobi, katika chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1944 kwa jina la Konsavatori ya Afrika ya Mashariki, atakuta karatasi za mistari mitano. Asiyatupe aliyojifunza, lakini ajihadhari na alama za kimya, kama tutakavyoona.

1. MISTARI. Mistari huhesabiwa kutoka chini kwenda juu. Noti hukaa juu ya mstari au katika nafasi iliyo kati ya mistari miwili. Kadiri noti inavyopanda, ndivyo sauti inavyopanda.

2. FUNGUO. Mwanzoni mwa mistari kuna ufunguo. Ufunguo wa sauti za juu huuzunguka mstari wa pili, na mstari huo huitwa G. Ufunguo wa sauti nzito una nukta mbili, moja juu na moja chini ya mstari wa nne, nao huitwa F. Basi tazama ufunguo kwanza, maana noti ya mstari wa pili ni G katika ufunguo wa juu, bali ni B katika ule mzito.

3. UREFU. Tuchukue wimbo wa mapigo manne. Noti nyeupe isiyo na kijiti huimbwa mapigo 4; nyeupe yenye kijiti, mapigo 2; nyeusi yenye kijiti, pigo 1; na nyeusi ambayo kijiti chake kina mkia, nusu ya pigo.

4. KIMYA. Kila urefu una alama yake ya kunyamaza. Kibao cheusi kinachoning'inia chini ya mstari wa nne ni mapigo 4; kinachokaa juu ya mstari wa tatu ni mapigo 2. Mchirizi uliopindapinda ni pigo 1, na alama inayofanana na tarakimu 7 ni nusu ya pigo.

Hapa ndipo aliyezoea solfa hukosea. Katika solfa, kistari humwambia mwimbaji aendelee kuivuta sauti, na kimya ni mahali palipoachwa patupu. Akiona kibao, hukidhania kuwa kistari, akavuta sauti mahali pa kunyamaza.

Kwa mfano, katika ufunguo wa juu tuna noti nyeusi ya G, kisha noti nyeusi ya A katika nafasi inayofuata, kisha kibao kilichokaa juu ya mstari wa tatu. Do ikiwa ni C, utaimba "so" kwa pigo la kwanza, "la" kwa la pili, nawe utanyamaza la tatu na la nne. Mwenzako apige makofi manne sawasawa. Sauti yako ikisikika bado katika kofi la tatu, umekisoma kibao kama kistari, rudia tena.